Ushuhuda wa Juu ya Ukurasa

Ukifika Buswelu ukaulizia nyumba ya Getruda Nkwabi, watu watakutazama kama mtu aliyepotea njia. Uliza kwa Mama Revo, hata mwenye bodaboda aliyehamia juzi atakushusha mlangoni, palipo na cherehani barazani na sare za shule zimening'inia kwenye kamba. Revo ni Revocatus, mwanawe wa pekee, anayefanya kazi mgodini Geita. Mumewe alikwisha kufa siku nyingi. Kwa hiyo mama yule aliishi na cherehani, kuku wachache, na sauti.

Sauti ile ndiyo iliyomfanya ajulikane. Haikuwa sauti ya kwaya. Ilikuwa ya chini, nzito kidogo, haina haraka, na kwenye jumuiya ya waumini alipoanzisha "Salamu Maria" hata watoto waliokuwa wakipigana vikumbo walitulia. Watu walisema Mama Revo akisali, unasikia kwamba kuna mtu upande wa pili anayemsikiliza.

Alizaliwa Magu, nyumba ya wakulima wa pamba, na katika watoto wengi wa mama yake walibaki hai wawili tu: yeye na mdogo wake, Ng'washi. Miaka ya tisini soko lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao, pamba ilipanda bei msimu mmoja, ikaanguka misimu iliyofuata, na baba yao akasema shamba lile halilishi tena wasichana wawili. Wakaja Mwanza pamoja. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimeota kando ya ziwa kama uyoga. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, yakawa riziki ya watu kama wao. Waliyakaanga, wakayauza, wakala yaliyosalia. Walilala mkeka mmoja.

Baadaye Getruda akapata cherehani, Ng'washi akapata mwanaume. Alikuwa mnunuzi wa samaki, mcheshi, mwenye redio kubwa, na Ng'washi akamfuata kwenye kambi ya wavuvi kisiwani. Aliporudi, miaka ilikuwa imepita na mwanaume yule alikwisha kuzikwa. Ng'washi alishushwa mlangoni kwa dada yake akiwa mwepesi kama mtoto. Getruda alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akamsalia rozari kitandani asubuhi na jioni. Kisha dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure hospitalini, na Getruda akampeleka, akamshika mkono kwenye foleni. Dawa zikashika. Nyama zikarudi mwilini. Ng'washi akarudi Magu, akafungua genge la mchele sokoni, akanenepa, akawa mtu wa kucheka kwa sauti. Vidonge vyake alivimeza kila siku, akavichukua kliniki ya mbali ili asikutane na mtu anayemfahamu. Siri ile ilikuwa ya wawili, na ilikaa kwa wawili miaka mingi.

Chaneli ilianza kwa jambo dogo. Jirani mmoja alivunjika nyonga, akawa hawezi kufika jumuiya. Mama Revo akachukua simu nzuri aliyonunuliwa na mwanawe, akajirekodi akisali, akamtumia. Jirani akawatumia nduguze, nduguze wakaituma kwingine, na baada ya muda watu wa Bukoba na Musoma wakawa wanauliza huyu mama ni nani na rozari ya leo iko wapi. Wanajumuiya wakamwambia afungue chaneli.

Hakutaka kufanya jambo la imani kwa mlango wa nyuma. Alikwenda parokiani.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele amina, Mama Revo. Karibu."

Padri Venant alimsikiliza akitabasamu mpaka alipotaja jina alilofikiria: Katoliki Buswelu TV.

"Hapo subiri kwanza, mama," alisema. "Neno Katoliki haliwekwi kwenye jina la kazi ya mtu binafsi bila ruhusa ya askofu. Wewe ni Mkatoliki, sawa, lakini chaneli ni yako. Ukikosea, ukosee kwa jina lako, usilikoseshe Kanisa. Na hilo neno TV liache, wasije watu wakakuuliza leseni ya utangazaji. Sali, waalike watu wasali nawe. Inatosha."

Akambariki, yeye na simu yake.

Wa kumsaidia upande wa mitambo alikuwa Yeremia Obiero, mpiga picha za video wa Kirumba. Alikuwa mtu wa Mara, Msabato asiyefungua studio Jumamosi hata kwa harusi ya tajiri, na alimheshimu Mama Revo kwa sababu ndiye aliyemshonea mapazia meusi ya studio. Alimkalisha kwenye kiti, akamfungulia akaunti ya TikTok, akamweleza kama mwalimu.

"Mama, mtu asiyekujua akifungua ukurasa wako, anaona vitu vitatu kabla hajaamua kukaa au kuondoka. Cha kwanza ni jina. Cha pili ni mstari ulio chini ya jina, wanaita bio, ni mfupi, herufi themanini na mapengo yake, kwa hiyo huwezi kuhubiri hapo. Cha tatu ni video tunayoipini juu. Video nyingine zitasukumwa chini kila ukiposti mpya, lakini iliyopiniwa haiondoki. Hiyo ndiyo inayompokea mgeni mlangoni."

Walitafuta jina. Rozari ya Alfajiri, alisema mama, likamkaa vizuri mdomoni. Obiero akaliandika kwenye sehemu ya kutafuta, zikatokea akaunti nyingi zenye jina hilo hilo, moja ina picha ya machweo, nyingine ya mtu wa Nairobi. "Halizuiwi," alisema, "lakini mtu akikutafuta atafika kwa jirani." Mwishowe wakakubaliana: Rozari na Mama Revo. Kwa jina la akaunti, lile lisiloruhusu nafasi na lisilofanana na la mtu mwingine, waliandika mama_revo_rozari. Bio wakaweka: *Tusali pamoja kila asubuhi. Buswelu, Mwanza.* Na video ya kupini Mama Revo aliisoma kwenye karatasi, mgongo umenyooka kama anapigwa picha ya kitambulisho: jina lake, parokia yake, na kwamba kila asubuhi atasali rozari na anayetaka aungane naye.

Ilitazamwa na wanajumuiya, na shangazi wa Kisesa, na watu wengine wachache. Kwa majuma kadhaa hali ikawa hiyo hiyo. Mama Revo alisema hana neno, maana hata wawili au watatu wakikusanyika inatosha. Lakini kila alipomaliza kusali aliichukua simu na kuangalia idadi, na idadi iliposimama palepale alihisi kitu kikimnyong'onyeza, na hakukipa jina.

Obiero ndiye aliyelitamka. "Mama, rozari yako ni nzuri, ila mlango umefungwa. Hiyo video ya mwanzo haimshiki mtu. Watu wana shida, wanapita mbiombio, wanataka kusikia Mungu amemtendea nani nini. Huna ushuhuda? Wewe, uliyesali miaka yote hii?"

Alikuwa nao. Aliujua mara moja, kama mtu anayejua fedha zilipo ndani ya nyumba.

"Ninao," alisema taratibu. "Lakini si wangu peke yangu."

"Basi usimtaje jina."

Jambo lililomtafuna baadaye ni hili: simu ilikuwa mkononi mwake. Namba ya Ng'washi ilikuwa ya kwanza kwenye orodha ya watu aliowapigia. Aliweka kidole juu yake. Alijisemea kwamba Ng'washi atakuwa sokoni, ana wateja, asimsumbue. Kwamba ni utukufu wa Mungu na utukufu wa Mungu hauombewi kibali. Lakini ndani kabisa alijua kwa nini hakupiga. Hakupiga kwa sababu alijua atakachojibiwa.

Akaiweka simu mezani, Obiero akawasha taa.

Safari hii hakusoma karatasi. Alisimulia kwa sauti ile ile ya chini jinsi alivyompokea mdogo wake, mtoto wa tumbo moja, akiwa mifupa na macho, ametoka visiwani kwa wavuvi na "ugonjwa ule ambao watu hawautaji." Alisimulia uji wa kijiko. Alisimulia rozari ya kitandani. Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya kweli. Alipofika kwenye foleni ya hospitali, akaona hadithi inarefuka na taa inamuumiza macho, akairuka.

"Nikasali," alisema, "na Mungu akasikia. Mdogo wangu akapona. Akapona kabisa. Leo hii ana afya kuliko mimi."

"Hapo!" Obiero alisema akizima kamera. "Hapo hapo. Usiongeze neno."

Neno "akapona" lilipomtoka, Mama Revo alihisi kama mtu aliyekata kitambaa cha mteja kabla ya kupima. Alitaka kusema turudie. Obiero alikuwa anamsifu, alikuwa anafuta machozi yake mwenyewe, na yeye akanyamaza.

Siku ile ile walibadilisha vyote. Jina likawa Muujiza wa Mama Revo. Bio ikawa: *Mungu alimponya ndugu yangu. Anaweza kukuponya na wewe.* Video ya zamani wakaiondoa juu, ya ushuhuda wakaipini.

Ilikwenda kama moto wa nyika. Alipoamka, watu waliomfuata walikuwa wengi kuliko waumini wa parokia nzima. Komenti zilimiminika: amina, mama, niombee, mama, mwanangu anaumwa, mume wangu amenitoroka. Padri mmoja wa jimbo la mbali aliandika "Asifiwe Mungu." Mama Revo alisoma mpaka macho yakamuuma, alifurahi, na katikati ya furaha ile alikuwa hawezi kula. Ng'washi alimpigia simu jioni, kama kawaida yao; akaiacha ikaita mpaka ikakatika. Kesho yake akaiacha tena. Hakuwa amewahi kufanya hivyo tangu simu ziingie nchini.

Aliendelea kusali rozari kila asubuhi mbele ya kamera, lakini alipofika kwenye Salamu Maria, alianza kusikia sauti yake mwenyewe. Hapo awali hakuwahi kuisikia.

Ndipo ikaja komenti ya mwanamke aliyejiita Modesta, picha yake ameshika mtoto. Ilikuwa imejibanza kati ya amina nyingi: *Mama ubarikiwe. Hata mimi nina hali ya mdogo wako. Tangu nikusikie nimeweka dawa chini, namwachia Mungu.*

Mama Revo aliisoma akiwa amekaa kwenye cherehani. Mguu wake ulikuwa kwenye kanyagio, ukaendelea kukanyaga, sindano ikatembea yenyewe juu ya mkono wa sare mpaka uzi ukaisha. Kisha akainuka, akafunga mlango, hakuwaaga kuku wala majirani, akaenda Kirumba.

Obiero alikuwa na wateja, maharusi wanaochagua nyimbo. Mama Revo hakungoja.

"Ifute," alisema. "Ifute sasa hivi."

Obiero aliwaomba maharusi samahani, akaichukua simu, akasoma. Uso wake ukabadilika. Hakuwa mtu mbaya, na yeye pia alikuwa na ndugu aliyekunywa vidonge vile. Mkono wake ulikwenda kwenye alama ya kufuta, ukasimama.

"Mama, subiri. Nikifuta video, na komenti zake zinaondoka zote. Huyu Modesta utampata wapi tena? Hujui hata anakaa mkoa gani."

Wakakaa chini, wawili hao, kama watu wanaotoa mwiba. Kwanza Obiero alifungua ukurasa wa Modesta, akamfuata kwa akaunti ya mama ili asipotee. Kisha Mama Revo akamjibu chini ya komenti yake, na kumtumia ujumbe wa faragha maneno yale yale, akiandika kwa kidole kimoja: *Mwanangu nakuomba kunywa dawa zako. Nilikosea. Mdogo wangu anakunywa dawa mpaka leo, kila siku, ndizo Mungu alizomponyea. Rudi kliniki.* Alipoona maneno "mdogo wangu" yamejitokeza tena kwenye kioo, akagundua kwamba hata kulirekebisha kosa kulimtaka amseme Ng'washi upya. Hakuna njia aliyoiona ya kumwokoa mmoja bila kumvua nguo mwingine. Jibu la hadharani akalifuta. Ujumbe wa faragha akauacha.

Baada ya hapo Obiero akaifuta video. Bio wakaifuta nayo, mstari ukabaki mtupu. Lakini jina liligoma. Obiero alijaribu, akaonyeshwa kwamba jina hubadilishwa mara moja kwa siku saba, na siku saba zilikuwa hazijaisha.

"Kwa hiyo litakaa?" aliuliza mama.

"Litakaa mpaka siku zifike. Na mama… video yenyewe watu walikwisha kuipakua. Iko WhatsApp. Nimeiona kwenye stetasi ya mtu asubuhi, ina jina la akaunti yako linapita pembeni. Hizo siwezi kuzifuta. Hakuna anayeweza."

Aliyasema hayo kwa upole, na upole ule ulikuwa mgumu kuupokea kuliko lawama. "Na mimi nina sehemu yangu," aliongeza. "Nilikuhimiza."

"Wewe ulinihimiza," alisema Mama Revo. "Kinywa kilikuwa changu."

Asubuhi iliyofuata alipanda gari la Magu. Njia nzima, kupita Kisesa na mashamba ya mpunga, alikuwa anapanga maneno. Alitaka awahi kumwambia kabla hajaambiwa na mwingine. Alipoliona genge kwa mbali, akajua amechelewa. Hapakuwa na mteja hata mmoja, na wauza genge wa jirani, waliozoea kumpokea kwa vigelegele, waliinamisha vichwa kwenye mizani yao.

Ng'washi alikuwa amekaa nyuma ya magunia. Hakusimama.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja, mdogo wangu. Nina neno la kukwambia."

"Nimekwisha kuliona. Nimeonyeshwa na mteja wangu. Alishika simu hivi, mbele ya watu, akasema, huyu si dada yako? Nikatazama, nikafurahi kukuona. Nikaita wenzangu waje wamwone dada yangu anavyoongea vizuri." Akafunga mdomo wa gunia. "Tulitazama wote mpaka mwisho."

Mama Revo alipiga magoti pale pale kwenye vumbi la sokoni, mkubwa mbele ya mdogo, jambo ambalo wazazi wao wangelia kuliona.

"Sikukutaja jina," alisema, na papo hapo akaona aibu kwamba neno lake la kwanza lilikuwa la kujitetea.

"Hukunitaja. Ni kweli. Dada, una mdogo mwingine yupi?"

Walikuwa wamebaki wao wawili tu.

"Ungenipigia tu," Ng'washi alisema. "Ungeniuliza. Pengine ningekataa. Nakwambia kweli, ningekataa. Lakini ingekuwa mimi niliyekataa."

"Nilijua ungekataa. Ndiyo maana sikukupigia."

Hilo ndilo lililomfanya Ng'washi amtazame vizuri kwa mara ya kwanza. Kisha akasema, "Simama. Watu wanatazama, na leo wamekwisha kutazama vya kutosha."

Wakakaa nyuma ya magunia. Mama Revo alimweleza yote bila kujipaka mafuta: idadi ya watu iliyokuwa haipandi, neno "akapona," foleni aliyoiruka. Alipofika kwa Modesta, Ng'washi aliyekuwa anatazama pembeni akageuka ghafla.

"Ameacha dawa?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Umemjibu?"

"Nimemwandikia. Hajajibu."

"Ana mtoto, unasema."

"Kwenye picha kuna mtoto."

Ng'washi alichukua kopo la kupimia mchele, akaligeuza, akalirudisha. "Atakujibu nini wewe? Kwake wewe ni mama wa muujiza, na leo unasema hapana muujiza. Ataona shetani amekuingia." Akaiweka simu yake juu ya gunia. "Mpe namba yangu. Mwambie huyo mdogo mtu mwenyewe yupo, ana simu, ampigie. Mimi nitaongea naye."

"Ng'washi…"

"Si kwa ajili yako. Usije ukafikiri ni kwa ajili yako. Wewe sijakusamehe."

Mama Revo aliituma namba palepale. Alipoinuka kuondoka alinyoosha mkono, na mdogo wake akaushika kwa ncha za vidole, kama anavyoshikwa mtu wa mbali.

Alipofika Buswelu alikwenda kuungama. Padri Venant alimsikiliza mpaka mwisho, akamwondolea dhambi, na malipizi aliyompa hayakuwa sala. Alimwambia ukurasa ule usibaki mtupu wala usifungwe. "Waliokusikia ukisema uongo ule wakirudi mlangoni, wakute ukweli. Lakini ukweli wako, mama. Wa mdogo wako umwachie mwenyewe."

Siku zilipotimia, jina lilikubali. Obiero alipendekeza waanze akaunti mpya kabisa, safi, watu wasahau. Mama Revo alikataa. Alisema akihama nyumba, wanaomtafuta wataikuta imefungwa na kile kipande chao kwenye simu ndicho kitabaki kuwa neno lake la mwisho. Wakarudisha Rozari na Mama Revo. Bio aliiandika mwenyewe, akahesabu herufi kwa kalamu kwenye kiganja: *Fundi cherehani, Buswelu. Tunasali rozari asubuhi. Kunywa dawa zako.*

Obiero aliusoma mstari ule wa mwisho, akatikisa kichwa. "Bio ya rozari inayosema kunywa dawa. Sijawahi kuiona."

"Basi umeiona," alisema mama.

Video ya kupini waliirekodi barazani, bila taa, sare za shule nyuma yake. Alisema: "Naitwa Getruda, watu huniita Mama Revo. Mimi ni fundi cherehani. Siponyi watu. Mliwahi kunisikia hapa nikisimulia ushuhuda usio wangu, na nikausimulia vibaya. Niliacha nusu. Naomba radhi. Mwenye video ile aifute, nitamshukuru. Mgonjwa asali, na dawa aliyopewa hospitali anywe. Asiache kwa neno langu wala la mwingine wa kwenye simu. Sasa tusali." Akafanya ishara ya msalaba. Hakutaja ugonjwa, hakutaja ndugu.

Wengi waliondoka. Wengine walimtukana, mmoja aliandika kwamba amenunuliwa na wazungu wa dawa. Idadi ilishuka mpaka ikabaki ya watu wanaosali tu, na Mama Revo hakuiangalia tena, si kwa sababu alikuwa ametakata, bali kwa sababu kila alipoiwaza idadi ile aliona genge lisilo na mteja.

Modesta alipiga simu. Hakumpigia Mama Revo. Alipata habari kwa ujumbe mfupi kutoka Magu: *Yule dada amerudi kliniki. Tumeongea sana.* Hapakuwa na salamu juu wala jina chini. Aliusoma akalia, na siku zilizofuata alitaka kupiga kuuliza waliongea nini, huyo Modesta ni mtu wa wapi, mtoto anaendeleaje. Hakupiga. Aliona kwamba hapo ni mahali ambapo yeye hana haki ya kuingia.

Wateja wa Ng'washi walirudi kidogo kidogo, maana watu wanakula mchele na umbea huchakaa. Wengine hawakurudi. Kulikuwa na mwanaume mmoja, fundi wa mashine ya kukoboa, aliyekuwa akipita pale gengeni kuongea mpaka jioni; yeye alibadilisha njia. Hilo Mama Revo aliambiwa na shangazi, na lilimkaa kifuani kuliko yote. Lile la Modesta lilikuwa limezuilika. Hili lilikwisha kutokea, na hapakuwa na namba ya simu ya kulirekebisha.

Walikutana tena kwenye harusi ya binti wa ukoo, Kisesa, baada ya mavuno. Walisalimiana mbele ya watu, wakakaa viti tofauti. Mama Revo alikuwa amesimama karibu na turubai la chakula alipojiwa na mwanamke asiyemfahamu, amevaa kitenge cha sare, uso unang'aa.

"Si wewe wa ule muujiza?" mwanamke alisema. "Wa mdogo wako! Nimeuweka humu, huwa nauangalia nikikata tamaa." Akaifungua simu, na sauti ile ya chini ikaanza kusikika katikati ya vigelegele: *mtoto wa tumbo moja…*

"Nakuomba uifute, mama," alisema Mama Revo. "Nakuomba sana. Haikuwa kweli yote."

Mwanamke alicheka, akadhani ni unyenyekevu. "Mungu akufanyie lipi jingine!" alisema, akaitia simu ndani ya pochi, akaenda zake.

Mama Revo alipogeuka, Ng'washi alikuwa nyuma yake ameshika sahani mbili tupu. Alikuwa amesikia yote, ilionekana usoni. Walitazamana. Mama Revo alifungua mdomo kuomba radhi tena, mara ya ngapi hakujua.

"Acha," alisema Ng'washi. Akampa sahani moja. "Chukua. Pilau inakwisha."

Wakaenda kwenye foleni, mdogo mbele, mkubwa nyuma.